Tumepita Tabora, Hatujafika Uvinza

Mweka hazina wa klabu yetu alikuwa na namba yake tayari hata kabla watu hawajaanza matembezi yetu ya hisani. Fulana 460 zilikuwa zimeuzwa, njia ilikuwa na urefu wa kilomita 8.3, kwa hiyo alizidisha moja kwa nyingine akapata kilomita 3,818. Aliiandika kwa kalamu nene juu ya karatasi ya hotuba na kumpelekea nahodha. Nahodha aliisoma, akaikunja ile karatasi, akaiweka mkobani. Alisema: "Hii ni namba ya fulana. Mimi nitasoma namba ya watu."

Mimi ni katibu wa klabu hiyo, klabu ya mbio za pole hapa Kigoma. Nilikuwa mezani stesheni siku ile, na ndiye niliyejumlisha. Nataka kueleza jinsi ile namba ya hotuba ilivyopatikana, kwa sababu baada ya matembezi watu wengi waliniuliza, na kwa sababu naona vikundi vingi vinavyofanya matembezi ya hisani vinatangaza jumla bila mtu kujua imetoka wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu fedha, maana ndizo zilizofanya jambo hili liwe zito. Matembezi yalikuwa ya kuchangia nauli za wagonjwa wanaopewa rufaa kutoka hospitali yetu ya Maweni kwenda hospitali za Dar es Salaam, Muhimbili au Ocean Road. Matibabu ni jambo moja na safari ni jambo jingine. Sisi wa mwisho wa reli tunajua kwamba mtu anaweza kupata barua ya rufaa akakaa nayo nyumbani wiki nzima akitafuta nauli yake na ya ndugu wa kumsindikiza. Kiingilio na fulana vilileta fedha zake. Lakini mfanyabiashara mmoja wa dagaa alitoa ahadi ya namna yake: atalipa shilingi 1,000 kwa kila kilomita watakayotembea washiriki wote wakijumlishwa pamoja. Kwa ahadi ile, jumla ya hotuba iligeuka kuwa hati ya madai. Kwa namba ya mweka hazina angedaiwa Sh 3,818,000.

Kulikuwa na hoja ya kweli upande wa mweka hazina, wala sitaki aonekane mtu mbaya. Alisema fedha zote zinakwenda kwa wagonjwa, hakuna hata senti itakayoingia mfukoni mwa mtu, na mfadhili ana uwezo. Nahodha alimjibu kwa utulivu kwamba mtu aliyeahidi kulipia barabara iliyotembewa hawezi kudaiwa barabara ambayo hakuna mguu uliopita. Ndipo kamati ikakubaliana kuhesabu upya, na nahodha akapewa kazi ya kupanga namna.

Nahodha wetu, tunayemwita Mama Nahodha, alikuwa karani wa tiketi stesheni kwa miaka mingi kabla hajastaafu. Hilo lilisaidia kuliko nilivyotegemea. Mtu aliyekata tiketi maisha yake yote anajua tofauti kati ya tiketi iliyouzwa na abiria aliyepanda, na kati ya abiria aliyepanda na aliyefika. Alituambia tangu kikao cha kwanza kwamba tutahitaji vitu viwili tu: urefu wa kila kipande cha njia, na idadi ya watu waliopita kila kipande. Mengine yote ni maneno.

Njia ilianzia Ujiji, kwenye viwanja vya makumbusho ya Livingstone, pale ambapo kwa kumbukumbu ya wengi Stanley alimkuta mwaka 1871. Ikazunguka kidogo mitaani, ikashika barabara hadi Mwanga, kisha ikateremka Lumumba mpaka stesheni ya Kigoma. Wazee, watoto na waliotaka umbali mfupi walianzia Mwanga. Kwa hiyo tulikuwa na vipande viwili: Ujiji hadi Mwanga, na Mwanga hadi stesheni. Kipande cha pili walikipita watu wa makundi yote mawili.

Urefu tuliupima kwa baiskeli. Wapo waliosema tutumie simu, na asubuhi ya majaribio watu kadhaa walitembea njia nzima simu zikiwa mkononi. Moja ilisema kilomita 7.9, nyingine 8.7, nyingine zaidi ya tisa. Simu inakisia mahali ulipo kwa ishara za setilaiti, kila mara ikikosea mita kadhaa huku na huku, na katikati ya majengo au chini ya miembe makosa yanaongezeka. Ikiunganisha zile nukta zilizoyumba, mstari unakuwa wa kupindapinda na urefu unazidi. Ikichukua nukta chache, kona zinakatwa na urefu unapungua. Zile zinazohesabu hatua zina shida nyingine, maana hatua ya mtu mzima mrefu na ya mtoto wa darasa la pili haziwezi kuzidishwa kwa kipimo kimoja.

Njia ya baiskeli ndiyo inayotumiwa hata kupima mbio za barabarani zinazotambuliwa na shirikisho la riadha la dunia, ingawa wao wana kifaa maalumu kinachofungwa kwenye gurudumu la mbele. Sisi tulifunga kitambaa kwenye spoku, kikawa kinagonga uma kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Kabla ya hapo tulitafuta sehemu ya barabara iliyonyooka na tambarare, tukalaza utepe wa chuma wa mita 50 mara sita, tukapata mita 300 kamili na kuweka alama za rangi mwanzo na mwisho. Kijana mmoja akaiendesha baiskeli juu ya mstari ule mara nne, kwa mwendo ule ule na uzito ule ule. Wastani ulikuwa mizunguko 138 na robo. Ukigawa 300 kwa hiyo, kila mzunguko ni mita 2.17.

Kuanzia hapo kazi ni ya uvumilivu. Kijana anaendesha, anahesabu mapigo ya kitambaa, akifika mia anapaza sauti, na mwenzake aliye nyuma anachora mstari kwenye daftari. Ujiji hadi Mwanga ilitoka mizunguko 2,491, yaani mita 5,405 na kidogo. Mwanga hadi stesheni ilitoka 1,340, karibu mita 2,908. Kwenye kona alipita karibu kabisa na ukingo wa ndani, takriban sentimita 30 kutoka kwenye ukingo, kwa sababu unapima njia fupi kuliko zote ambazo mtu anaweza kuipita kihalali. Anayetembea katikati ya barabara akizungumza na mwenzake atakuwa ametembea zaidi, lakini hakuna aliyetembea pungufu.

Tulifanya kazi hii alfajiri, na tulirudi kwenye zile mita 300 kupima tena baada ya kumaliza. Wengine waliona ni kupoteza muda. Lakini tairi likipigwa na jua hewa iliyomo inatanuka, gurudumu linakuwa kubwa kidogo, na mizunguko inapungua kwa umbali ule ule. Ukipima barabara saa sita mchana kwa hesabu ya alfajiri, utaambiwa njia ni fupi kuliko ilivyo. Ukirudi kwenye mstari wako wa mita 300 na mizunguko ikatoka vilevile, unajua baiskeli haikukudanganya njiani. Yetu ilirudi na tofauti isiyofika robo ya mzunguko.

Mwisho tukakata mita moja kwa kila kilomita, kama wapimaji wa mbio wanavyojiwekea akiba hiyo ili njia isije ikawa fupi kuliko inavyotangazwa. Zikabaki mita 5,400 kwa kipande cha kwanza na 2,905 kwa cha pili. Mama Nahodha akaziondoa zile tano za mwisho. Kilomita 5.4 na kilomita 2.9. Hizo ndizo tulizotumia.

Sasa watu. Hapa ndipo matembezi mengi ya hisani yanapoharibikiwa, maana umati hauhesabiki kwa macho. Ukiwasimamisha watu wawili wenye uzoefu pembeni ya barabara, mmoja atasema mia tatu na mwingine mia tano, na wote wataapa. Mama Nahodha alitengeneza tiketi. Waliotoka Ujiji walipewa kadi ya njano yenye vipande viwili, namba ile ile ikiwa imeandikwa pande zote mbili. Kipande kimoja unakiacha kwenye kikapu Mwanga, kingine unakiacha stesheni. Walioanzia Mwanga walipewa kadi nyeupe ya kipande kimoja cha kuacha stesheni. Kadi ilitolewa pale tu mtu aliposimama mstari wa kuanzia, si siku aliponunua fulana.

Siku mbili kabla ya matembezi aliandika masharti kwenye ubao wa klabu, ili pasiwe na ubishi mbele ya mgeni rasmi. Anayehesabiwa ni anayesogea kwa nguvu zake mwenyewe. Mtoto aliyebebwa mgongoni hana kadi. Mama yake ana kadi moja. Ndugu yetu mmoja anayetumia baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mikono alipewa kadi ya njano kama wengine wote, na alipouliza kama itahesabika kweli, Mama Nahodha alimwambia kwamba mlima wa kutoka Ujiji hautamuuliza anatumia mikono au miguu. Na sharti la mwisho lilikuwa hili: kila mtu anahesabiwa hadi mahali pa mwisho tulipomwona. Aliyeishia njiani kati ya Mwanga na stesheni anahesabiwa mpaka Mwanga. Asiyeonekana Mwanga hahesabiwi kitu.

Sharti hilo la mwisho nililipinga. Niliona ni kali mno. Mtu anaweza kutembea kilomita tano, akachoka mita mia nne kabla ya kikapu, akakaa chini ya mti, na sisi tunamwandikia sifuri. Alinijibu: "Mwanangu, wewe unaweza kuniambia alikaa chini ya mti upi? Ukijua, mwandike." Sikuwa na la kusema. Tungeweza kukisia, lakini tungekuwa tumemdai mfadhili kwa makisio.

Asubuhi yenyewe ilikwenda vizuri kwa jumla. Kadi za njano zilizotolewa Ujiji zilikuwa 268, nyeupe zilizotolewa Mwanga zilikuwa 131. Jumla watu 399 walianza kutembea. Watu 61 walionunua fulana hawakutokea, na hakuna ubaya wowote, wengi walinunua ili kuchangia tu. Lakini namba ya mweka hazina ilikuwa imewatembeza hao 61 kutoka Ujiji mpaka stesheni.

Vikapu vilipofika mezani kwangu nilianza kwa kuvipanga kwa namba. Kikapu cha Mwanga kilikuwa na vipande vya njano 251. Hao wana uhakika wa kilomita 5.4 kila mmoja. Kikapu cha stesheni kilikuwa na vya njano 223 na vyeupe 126.

Hapo ukiwa na haraka unachukua 223 na kuendelea. Faida ya namba kuandikwa pande zote mbili ni kwamba unaweza kulinganisha. Nilipolinganisha niliona vipande 9 vya njano vilivyofika stesheni ambavyo wenzao hawakuwepo Mwanga. Watu tisa walianzia Ujiji, wakaonekana stesheni, na katikati hawakuonekana.

Mara nyingi jambo kama hili lina maelezo mawili. Ama mtu amepanda bodaboda au bajaji, ama wenye vikapu wamemkosa. Unaweza kupata fununu kwa saa. Kijana wa stesheni alikuwa ameandika namba za waliofika mwanzo mwanzo, na kadhaa kati ya wale tisa walikuwa wamefika mapema kuliko mtu mwepesi kuliko wote katika klabu yetu angeweza kufika kwa kutembea. Hao walipanda kitu. Lakini wawili walikuwa wazee wa Ujiji ambao Mama Nahodha anawafahamu, walifika katikati ya umati, jasho likiwatoka, na ni watu ambao hawangepanda bodaboda siku ya matembezi hata kwa kulipwa. Ilivyoonekana, walipita upande wa pili wa barabara pale Mwanga, nyuma ya kikundi cha ngoma, na vijana wetu wawili wenye kikapu kimoja hawakuwaona.

Nilimwomba awaingize hao wawili. Alifikiri kwa muda. Akasema akiwaingiza kwa sababu anawafahamu, basi wale saba amewatoa kwa sababu hawafahamu, na hiyo si hesabu. Wote tisa wakatoka. Vya njano vya stesheni vikabaki 214.

Kujumlisha kwenyewe kulichukua muda mfupi sana, na hapa ndipo nilipojifunza kitu cha watu wa reli. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukua kila mtu na umbali wake, mmoja mmoja, mamia ya mistari. Yeye alisema usifuate watu, fuata barabara. Kipande cha Ujiji hadi Mwanga kimepitwa na watu 251. Zidisha kwa 5.4, unapata 1,355.4. Kipande cha Mwanga hadi stesheni kimepitwa na 214 wa njano na 126 weupe, jumla 340. Zidisha kwa 2.9, unapata 986. Jumlisha: kilomita 2,341.4. Ndiyo namna reli inavyopima kazi yake ya kubeba watu, kwa kilomita za abiria: watu kumi wakisafiri kilomita mia, umefanya kazi ya kilomita elfu, ingawa treni imekwenda mia tu.

Pungufu ya namba ya fulana kwa karibu kilomita 1,477. Mweka hazina aliiangalia, akatikisa kichwa, kisha akaniambia niandike vizuri zile hatua kwenye karatasi moja ili mfadhili akihoji tuwe na cha kumwonyesha. Nilimheshimu kwa hilo.

Kilichobaki kilikuwa hotuba. Kamati ilikuwa imependekeza mifano ya kuifanya namba ieleweke. Mmoja alitaka ziwa: Tanganyika ina urefu wa kilomita zipatazo 670, kwa hiyo tungesema tumeitembea mara tatu na zaidi. Mama Nahodha alikataa kwa sababu hakuna anayetembea juu ya ziwa, na watu hawataiona picha hiyo miguuni mwao. Mwingine alitaka njia ya misafara ya zamani ya Bagamoyo hadi Ujiji, na hiyo aliikataa kwa sauti ya ukali kidogo. Alisema walioitembea njia ile wengi walikuwa wamefungwa au wamebebeshwa pembe za ndovu, na hatutaifanya kuwa ya kufurahisha watu kwenye sherehe. Nilikubaliana naye kabisa.

Akachagua reli. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa treni ni kilomita zipatazo 1,250. Kwenda na kurudi ni 2,500. Na sisi tulikuwa na 2,341. Unaona jinsi kishawishi kilivyokuwa karibu? Mshereheshaji alishaandika kwenye karatasi yake, "Tumetembea hadi Dar es Salaam na kurudi!" Ilikuwa sentensi tamu, na ilihusu safari ile ile ya wagonjwa wetu. Kilomita 159 tu ndizo zilizokosekana. Mama Nahodha alichukua kalamu akaifuta.

Alipanda jukwaani saa nne na nusu hivi, jua likiwa limeshaanza kuwaka, watoto wamekaa chini kwenye kivuli cha stesheni ya Mjerumani. Nilikuwa na wasiwasi kwamba watu hawatasikiliza, kwa sababu hotuba ya namba ni hotuba ya kusinzia. Hakuanza na namba.

"Ndugu mgeni rasmi, wazee wangu, wanangu," alisema. "Mliotoka Ujiji nyoosheni mikono." Wakanyoosha. "Mlioanzia Mwanga, na nyie." Wakanyoosha. "Wa Ujiji, kila mmoja wenu aliyetuachia kadi Mwanga na hapa ana kilomita nane na pointi tatu. Wa Mwanga, kila mmoja ana mbili na pointi tisa. Shikeni hiyo namba yako, usiisahau, maana sasa nazichukua zote naziweka kwenye mfuko mmoja."

Mzee mmoja aliyekuwa mbele alisimama akauliza kwa nia njema kabisa: barabara ni moja, urefu wake ni ule ule, mtapataje maelfu? Wengine walitaka akae, lakini Mama Nahodha alimpungia mkono aendelee kusimama. "Mzee wangu, swali zuri. Nikikukatia wewe tiketi ya kwenda Tabora, na mkeo nikamkatia yake, nitakudai nauli moja kwa sababu reli ni moja?" Yule mzee akacheka, akasema hapana. "Basi na leo nimekata tiketi za watu. Kila mtu alilipa kwa miguu yake."

Hapo ndipo alipotaja namba, na aliitaja taratibu. Elfu mbili, mia tatu, arobaini na moja. Zile pointi nne alizikata. Watu walipiga makofi na vigelegele, lakini aliwanyamazisha.

"Ngojeni niwaambie hizo ni ngapi. Tumetoka hapa tulipo, stesheni ya Kigoma, tumekwenda mpaka Dar es Salaam. Tumemfikisha mgonjwa wetu hospitali. Tumegeuka kurudi naye. Tumepita Morogoro, tumepita Dodoma, tumepita Tabora, Urambo, Kaliua. Hatujafika Uvinza."

Palikuwa na kimya kidogo, kisha sauti kutoka nyuma ikapiga kelele, "Chumvi bado!" na uwanja mzima ukaangua kicheko, maana hapa kila mtu anajua Uvinza ni kwenye chumvi.

"Bado," alisema. "Zimebaki kilomita mia moja hamsini na tisa, na hizo sitawaambia kwamba tumezitembea. Wapo watu kati yenu ambao wametembea leo na kilomita zao hazimo kwenye namba hii, kwa sababu kikapu chetu hakikuwaona. Nawaomba radhi hadharani. Namba niliyoisoma ni ile ambayo nikiitwa nieleze, naweza kuieleza kadi kwa kadi. Waliotembea zaidi ya hapo wapo. Waliotembea pungufu ya hapo hawapo."

Yule mfadhili alikuwa meza kuu. Alipoitwa hakusema mengi. Aliiomba ile karatasi yangu yenye hatua za hesabu, akaisoma kwa kidole, akauliza 251 ni kina nani na 340 ni kina nani, nikamweleza. Akaandika Sh 2,341,000. Kwenye risiti tuliandika idadi ya kilomita pamoja na fedha, na nakala ikabandikwa kwenye ubao wa klabu.

Wakati watu wanatawanyika, kina mama wa Mwanga walimfuata Mama Nahodha. Walisema wao wanarudi nyumbani kwa miguu, wanapanda Lumumba, kwa nini hizo zisihesabiwe tukafika Uvinza? Alipiga hesabu kichwani palepale akawaambia kwamba watu 55 wakipanda mpaka Mwanga wanaifuta ile 159 yote na kubakiza nusu kilomita. Walifurahi sana. Kisha akawaambia kwamba ahadi ya mfadhili iliishia kwenye mstari wa stesheni na kadi zimeshafungwa, ila kama kuna anayetaka kuchangia safari yake ya kurudi, mweka hazina bado yuko mezani. Baadhi yao walikwenda. Kiasi kile tulikiandika ukurasa mwingine wa daftari, mbali na kilomita.

Jumapili iliyofuata wale wazee wawili wa Ujiji walikuja klabuni. Mmoja alikuwa amekwazika, na alikuwa na haki. Alisema ametembea mwanzo hadi mwisho na amesikia jina la Ujiji likisifiwa huku yeye hayumo. Mama Nahodha hakujitetea. Alimwonyesha daftari, akamwonyesha kipande chake cha stesheni ambacho tulikuwa tumekihifadhi pamoja na vile vingine vinane, akamuuliza alipita upande gani pale Mwanga. Mzee alieleza: kushoto, nyuma ya ngoma, kwa sababu upande wa kulia kulikuwa na mkokoteni wa maji ya kunywa na watu wamejazana. Tulichora ramani ndogo hapo hapo. Tatizo lilikuwa letu. Tuliweka maji na kikapu upande mmoja, na asiye na kiu alipita upande mwingine.

Mwakani Mwanga itakuwa na vikapu vinne, viwili kila upande wa barabara, na maji yatasogezwa mita mia moja mbele ili watu wasijazane penye kadi. Kila kikapu kitakuwa na watu wawili, mmoja wa kupokea na mmoja wa kuita. Pia tutaongeza kikapu cha katikati kati ya Ujiji na Mwanga, ili anayechoka kabla ya Mwanga naye awe na kipande chake. Kijana wa baiskeli ameshaanza kutafuta mahali pa kukiweka. Anataka pawe na kivuli, na pawe mahali ambapo barabara inabana kiasi kwamba hakuna njia ya kupita pembeni. Akipapata, tutapima upya vipande vyote vitatu, alfajiri, kwa utepe ule ule.